Namna ya kumwandikia mhariri wa jarida pendekezo la makala

Somo hili linamhusu mwandishi wa kujitegemea anayetaka kuingia katika jarida lisilomjua. Mfano wetu ni wa kubuni: mwandishi wa Unguja anayefuatilia kilimo cha mwani.

Hatua ya kwanza ni kuchagua ukurasa. Soma matoleo kadhaa ya karibuni, kwa maana makala ndefu za katikati mara nyingi hupewa waandishi waliokwisha kuaminika, ilhali habari fupi za kurasa za mwanzo ndizo mhariri humpimia mgeni.

Hatua ya pili, ambapo wengi hukwama, ni kuigeuza mada iwe habari. "Ningependa kuandika kuhusu mwani" ni mada tu, na mhariri hana la kuipangia. Linganisha na hili:

"Wakulima wa mwani wa Paje, wengi wao wanawake, wamezoea kulima maji yanapokupwa. Joto la maji ya ufukweni linapozidi, mwani aina ya kotonii, wenye bei kubwa kuliko spinosamu, hufa. Penye kina hustawi zaidi. Napendekeza makala ya maneno 400 kuhusu wanawake wanaojifunza kuogelea ili waufuate huko. Wakulima wawili wamekubali kuhojiwa. Nitaikabidhi wiki tatu baada ya kukubaliwa."

Hapo mhariri ameona watu, badiliko, urefu na tarehe. Mwandikie kwa jina lake, na kichwa cha barua pepe kiitaje habari yenyewe.

Hatua ya tatu ni kujitambulisha, kwa sentensi mbili zinazohusu habari hiyo tu: kwamba unaishi karibu na Paje na umewahi kuandika habari za uvuvi, pamoja na viungo vya makala mbili. Orodha ya vyeti na semina iache; sijaona ikimsaidia mtu.

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha lipeleke pendekezo kwingine. Ukikubaliwa, pata kwa maandishi kiasi cha malipo, siku ya kulipwa na haki za kuchapisha upya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sijachapishwa popote. Niweke nini mahali pa viungo?*

Andika habari fupi kamili yenye watu uliowahoji, uiambatishe kama sampuli, na useme wazi kwamba haijachapishwa.

*Je, mhariri hawezi kulichukua wazo akampa mwandishi wake?*

Hutokea, ingawa si sana. Usitaje majina wala simu za wakulima wako; wazo anaweza kulichukua, lakini mlango wa kuwafikia unao wewe.

*Makala ya kwanza ikitoka, niombe safu ya kila mwezi?*

Bado, ndugu yangu. Peleka pendekezo la pili la ukurasa uleule wakati mhariri angali anakukumbuka, kisha la tatu. Akianza yeye kukutafuta akupe kazi, hapo zungumzeni habari ya safu na malipo yake.