Simu Imejaa Video: Kurekodi Mbio za Punda na Kuzihamishia Kompyuta Bila Kupoteza Ubora

Kila msimu wa Maulidi hapa Lamu mimi hurekodi mbio za punda kwenye ukingo wa bahari, na chombo changu ni simu ya Android yenye hifadhi ya gigabaiti 128, ambayo siku zote huwa imekaribia kujaa. Mwongozo huu unaeleza ninavyojiandaa tangu usiku wa kuamkia mbio hadi faili zinapokuwa salama kwenye kompyuta, kwa kutumia hesabu za simu yangu. Simu yako itakuwa na tarakimu zake, lakini njia ya kuzipata ni hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: pima dakika moja

Kinachojaza simu ni kiasi cha data ambacho kamera huandika kwa kila sekunde, na kiasi hicho hutegemea sana mpangilio uliochagua. Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, rekodi dakika moja kamili ya kitu chenye mwendo, kwa mfano mashua zinazopita gatini, kwanza kwa FHD 30, yaani 1080p, kisha kwa UHD 30, yaani 4K. Fungua maelezo ya kila video na usome uzito wake. Kwangu ya kwanza ilikuwa megabaiti 128 na ya pili 361, karibu mara tatu.

Sasa linganisha na nafasi uliyonayo. Nilikuwa na gigabaiti 20 zilizo wazi, na nilikusudia kurekodi dakika 90. Kwa 4K ningehitaji gigabaiti 32 na ushei, maana yake simu ingegoma kwenye dakika ya 55 hivi, pengine punda wa mwisho wakiwa bado njiani. Kwa 1080p ningehitaji gigabaiti 11 na nusu tu.

Hatua ya pili: gawanya ukubwa wa picha kwa kazi

Si lazima siku nzima irekodiwe kwa kipimo kimoja. Umati, maandalizi na mahojiano nilivirekodi kwa 1080p, kwa sababu video hizo huishia kutazamwa kwenye simu, ambako wengi hawataona tofauti. Dakika 10 za mwisho wa mbio nilizirekodi kwa 4K, kwa kuwa nilijua nitataka kukata sehemu ndogo ya picha na kuikuza ili uso wa mpanda punda uonekane vizuri. Dakika 80 za 1080p na dakika 10 za 4K zilinigharimu gigabaiti 13.8, nami nikabaki na akiba ya zaidi ya gigabaiti 6. Akiba hiyo usiiguse. Simu nyingi huandika orodha ya ndani ya faili, ile inayoiambia programu ya kuchezesha video kila picha iko wapi, pale tu unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Nafasi ikiisha kabisa au simu ikizima ghafla kabla ya hapo, unaweza kubaki na faili nzito isiyofunguka.

Fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde nazitumia tu ninapotaka kupunguza mwendo baadaye, kuonyesha kwato zikipiga chini. Faili huwa nzito zaidi, na jua likizama picha huwa na giza, kwa sababu kila fremu hupata muda mfupi zaidi wa kupokea mwanga.

Kuna pia mpangilio wa HEVC, njia mpya zaidi ya kubana video, ambao kwa ubora unaokaribiana unaweza kupunguza uzito hadi karibu nusu ya H.264, njia ya zamani. Naupenda, ila kompyuta kuukuu inaweza kutoa sauti bila picha, au picha inayokwamakwama. Faili haijaharibika, jaribu kuifungua kwa programu ya VLC kabla ya kuilaumu simu. Usirekodi kwa 4K kisha ukaipunguza kwa programu ya kubana ili kuokoa nafasi simuni, kwani kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi tena, hata ukiikuza upya.

Hatua ya tatu: hamisha kwa waya, na unakili tu

Mjomba wa mpanda punda mmoja aliniambia papo hapo ufukweni, "Nitumie kwa WhatsApp, mwanangu, nyumbani waione." Nikamtumia kama video ya kawaida. Jioni akanionyesha simu yake: maandishi ya kifuani kwa kijana, ambayo kwangu yalisomeka herufi kwa herufi, kwake yalikuwa doa la rangi. Video inayotumwa kwa njia hiyo hubanwa upya kabla ya kuondoka. Ikibidi kutumia WhatsApp, itume kama hati, yaani Document, ambayo hufika jinsi ilivyo mradi isizidi gigabaiti 2.

Kwa mzigo mzima, tumia waya wa USB. Waya nyingine ni za kuchaji tu, na dalili yake ni kwamba simu huanza kuchaji lakini kompyuta haioneshi chochote. Waya ukiwa mzuri, fungua kufuli la kioo cha simu, vuta arifa chini, na uchague File transfer. Usipofanya hivyo folda itaonekana tupu na utadhani video zimepotea. Kisha fungua folda ya DCIM, halafu Camera. Wenye iPhone wanaohamishia Windows waweke kwanza Keep Originals kwenye mipangilio ya Photos, la sivyo simu inaweza kujaribu kubadilisha faili njiani na uhamishaji ukakatika.

Nakili, usikate. Mwaka mmoja nilikata na kubandika ili kuokoa muda, umeme ukazimika katikati, na video moja ikawa haipo simuni wala haichezi kwenye kompyuta. Gigabaiti 13.8 kwa USB 2.0 huchukua kama dakika 8 mambo yakienda sawa, nami siku hizi huzisubiri nikiwa nimekaa, waya usiguswe.

Ukihamishia kwenye fleshi badala ya kompyuta, angalia imeumbizwa vipi, yaani inatumia mfumo gani wa kupanga faili. Yenye FAT32 hukataa faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele, na 4K ya simu yangu hufika hapo kabla ya dakika ya 12. Iumbize kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kuumbiza hufuta kila kilichomo.

Hatua ya nne: hakiki ndipo ufute

Hesabu faili za pande zote mbili, kisha linganisha uzito wa zile kubwa kwa baiti, si kwa gigabaiti zilizokadiriwa. Baada ya hapo chomoa waya. Hatua hii wengi huiruka, lakini ndiyo inayokuhakikishia kwamba unachokifungua kiko kwenye kompyuta na hakisomwi kutoka simuni. Fungua kila video na urukie sekunde zake za mwisho. Faili iliyokatika njiani kwa kawaida hugoma kufunguka kabisa, au hucheza vizuri mwanzoni na kukwama kabla ya mwisho. Zikiwa nzima, weka nakala ya pili kwenye diski ya nje.

Sasa futa simuni. Usishangae nafasi isiporudi, kwani simu nyingi huweka vilivyofutwa kwenye kikapu cha taka kwa siku 30, na muda huo wote vinakalia hifadhi ile ile. Ingia kwenye kikapu hicho ndani ya programu ya picha na ukimwage mwenyewe. Nilipokimwaga changu siku ile, nafasi ilipanda kutoka gigabaiti 6 hadi 20 kabla sijaweka simu chini.