Parabolic SAR: kwa nini inakuchoma soko likizunguka palepale

Hii indiketa aliitoa Welles Wilder mwaka 1978, na ni vile vidoti unavyoviona chini ya bei ikipanda, juu ya bei ikishuka. Bei ikigusa kidoti unafunga oda na hapohapo unafungua ya upande wa pili.

Hatua ya 1. Kwenye MT5 nenda Insert > Indicators > Trend > Parabolic SAR. Acha Step 0.02 na Maximum 0.2 kwanza, usianze kuchezea.

Hatua ya 2. Elewa kidoti kinavyotembea:

```
SAR_kesho = SAR_leo + AF * (EP - SAR_leo)
```

EP ni kilele cha juu kabisa tangu uingie bai (kwenye seli ni bei ya chini kabisa). AF ndo kasi, inaanza 0.02 na inaongezeka 0.02 kila bei ikiweka kilele kipya, mwisho 0.20. Sasa angalia hapa wakuu, maana wengi wanapitiliza: bei isipoweka kilele kipya AF inabaki ilipo, HAISHUKI, na kidoti kinaendelea kupanda kila mshumaa hata kama bei imelala. AF ikiwa 0.02 kidoti kinakula nusu ya umbali wa kufika EP kwa mishumaa kama 34, ikiwa 0.10 ni 7 tu, ikifika 0.20 ni mitatu au minne hivi.

Hatua ya 3. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme uko bai EURUSD toka 1.0838, EP 1.0860, kidoti 1.0810, AF 0.10. Bei ikaanza kuzurura kati ya 1.0840 na 1.0858, haijavunja kitu. Mishumaa saba baadaye pengo la pipsi 50 limebaki kama 24, kidoti kiko 1.0836, bei inachungulia tu chini unatolewa na hasara ya pipsi 2, na umeshageuzwa seli katikati ya renji! Kidoti kipya kinaruka hadi 1.0860, AF inarudi 0.02. Bei inashuka hadi 1.0820, AF inapanda kidogo, halafu bei inarudi juu inakukuta kidoti kimeshashuka 1.0845, hasara nyingine pipsi 9, na spredi unalipa kila ukigeuka.

Hatua ya 4. Weka ADX ya 14 pembeni, ile inayopima nguvu ya trendi, nayo ni ya Wilder huyohuyo. Ikiwa chini ya 20 mi sigeuki kabisa, kidoti kikiguswa natoka tu nakaa nje. Ikivuka 25 na inapanda, ndo nafuata vidoti. Ila ADX inachelewa, kwa hiyo mwanzo wa trendi utaukosa mara nyingi.

Kuna wanaoshusha Step iwe 0.01, ni kweli vidoti vinageuka mara chache, lakini trendi ikija stopu inabaki mbali mno na bei, ikigeuka unarudisha faida kibao.