Ridhaa ya mwenzi unaponunua nyumba Mtwara: hatua za kufuata kabla pesa haijatoka

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua nyumba yenye hati kutoka kwa muuzaji aliye kwenye ndoa, huku hati ikiwa na jina la muuzaji peke yake. Hapa Mtwara mauzo ya namna hiyo huongezeka malipo ya korosho yakishaingia, na mengi hufanywa haraka kwa sababu mnunuzi anaogopa pesa itaisha na muuzaji anaogopa mnunuzi atahama. Nimeuandika baada ya kumsimamia kijana mmoja wa Tandahimba aliyekuwa ananunua nyumba Chikongola kwa shilingi milioni 38. Nitamtaja njiani, kwa sababu kwake lilitokea karibu kila jambo linaloweza kutokea.

Hatua ya 1: Pekua hati

Omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Angalia jina la mmiliki, kama kuna rehani, na kama kuna zuio. Ukikuta zuio lililowekwa na mke au mume, simama hapo hapo, kwa sababu sheria inamruhusu mwenzi kulinda maslahi yake kwa njia hiyo. Ukikuta majina mawili kwenye hati, hiyo si habari ya ridhaa tena. Wote wawili ni wauzaji na wote wanasaini mkataba wa mauzo.

Upekuzi safi hauna maana kwamba hakuna mwenzi. Wake wengi hawajawahi kusikia habari ya zuio.

Hatua ya 2: Jua kama hiyo ni nyumba ya ndoa

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Haijalishi nani alilipa wala jina la nani liko kwenye hati. Nyumba ya ndoa ni ile ambayo mume na mke huishi pamoja kwa kawaida, pamoja na uwanja wake na mabanda yake. Kama nyumba imekaa kwenye ardhi ya kilimo au inatumika pamoja nayo, kile kipande ambacho mume amemtengea mke alime mwenyewe nacho kimo. Huku kwetu ambako mama anaweza kuwa na mikorosho yake nyuma ya nyumba ya mumewe, usiruke sentensi hiyo.

Kwa nyumba ya kupangisha ambayo wanandoa hawajawahi kuishi, kifungu hicho hakikubani kwa namna ile ile. Mimi huomba ridhaa hata hapo, kwa sababu kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinampa mwenzi haki katika ardhi yenye jina la mwenzake ikiwa amechangia kwa nguvu zake kuiendeleza na kuitunza.

Hatua ya 3: Jua wenzi ni wangapi, na kila ndoa iko wapi

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Muuzaji wa Chikongola alikuwa mzee mpole, mwenye majibu ya haraka. Tulipomuuliza kuhusu mke, alimleta mama mmoja, akasaini palepale. Kijana alikuwa tayari kwenda benki. Nikamwambia tuirudie nyumba kwanza, tena mchana, mzee akiwa hayupo. Uani kulikuwa na chumba kimefungwa kufuli. Jirani aliyekuwa anapepeta mchele barazani kwake akasema, "Hicho ni cha mama mkubwa. Cherehani yake imo humo, na funguo anayo mwenyewe." Tulipomfuata mzee, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye saini ya shehe na mashahidi wawili: alikwisha mpa mke mkubwa talaka tatu, mwaka uliopita.

Karatasi hiyo ni ya kweli mbele ya dini yake, na simbishii mtu imani yake. Lakini kwa Sheria ya Ndoa, talaka iliyotolewa nyumbani au msikitini haivunji ndoa peke yake. Wanandoa wa Kiislamu hupitia kwanza baraza la usuluhishi. Baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo talaka ikatolewa kwa taratibu za dini, mahakama ndiyo inayotamka kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "nilishamwacha", swali lako ni moja: iko wapi amri ya mahakama? Kama haipo, hesabu kwamba ndoa ipo na ridhaa ya mama huyo inahitajika. Kama ipo, isome mpaka mwisho uone kama mali iligawanywa na nyumba hii iliangukia kwa nani.

Kosa la pili ni kudhani mke mmoja anaweza kuridhia kwa niaba ya wenzake. Sheria ya Ndoa haimweki mke yeyote juu ya mwingine, na kifungu cha 161 kinazungumzia ridhaa ya mwenzi au wenzi. Wawili wakiwa wameishi kwenye nyumba hiyo kama kwao, zinahitajika saini mbili.

Kosa la tatu ni kudai cheti cha ndoa na kutulia kikikosekana. Mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa mke na mume, sheria huchukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Waulize majirani na mjumbe. Usiulize "je, ameoa?", maana watakujibu kwa heshima tu. Uliza nani anaishi humu, nani aliishi humu kabla, na aliondoka lini.

Sasa kuhusu uhalali, kwa sababu wengi huamini kwamba bila saini ya mke mauzo ni batili moja kwa moja. Si hivyo. Kifungu cha 161 kinamwekea mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia. Muuzaji akimdanganya mnunuzi kwa makusudi, mauzo yanaweza kubatilishwa kwa hiari ya mwenzi ambaye hakuridhia. Maana yake yanasimama mpaka mwenzi huyo aamue kuyapinga, na wewe hujui ataamua lini. Upande wa Sheria ya Ndoa, nyumba iliyouzwa bila ridhaa humfikia mnunuzi ikiwa bado imebeba haki ya mwenzi kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Unaweza kuwa na hati yenye jina lako na mama wa watu ndani, na usiweze kumtoa.

Mnunuzi ana kinga moja: kuthibitisha kwamba hakujua kuhusu haki ya mwenzi, na kwamba hata angefanya uchunguzi wa kawaida asingejua. Kijana wetu asingeipata kinga hiyo. Kufuli lilikuwa mlangoni na jirani alikuwa anajua. Ndiyo sababu nasisitiza kwenda kwenye nyumba mchana: ukikuta jambo umeepuka hasara, na usipokuta una cha kueleza mbele ya baraza la ardhi.

Hatua ya 4: Onana na mwenzi mwenyewe, muuzaji asiwepo

Sikubali ridhaa ya simu, wala ya ujumbe wa simu, wala karatasi iliyoletwa na muuzaji ikiwa tayari imesainiwa. Tulimfuata mama mkubwa Nanyamba, kwa kaka yake. Nikajitambulisha, nikamwambia, "Shikamoo mama. Nyumba ya Chikongola inauzwa kwa milioni 38, na huyu kijana ndiye mnunuzi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba. Mimi nimeambiwa inapangishwa, mwanangu."

Hakukataa. Alisema matofali ya nyumba ile yalilipiwa na korosho alizovuna kwa mikono yake, na kwamba angeridhia kama angepata sehemu yake mkononi mwake. Ilichukua muda mzee kukubali, lakini alikubali. Tukaandika kwenye mkataba kwamba milioni 14 zinaingia akaunti ya mama na milioni 24 akaunti ya mzee. Nawashauri wanunuzi wengi wafanye hivyo, kwa sababu aliyepokea sehemu ya bei kwa jina lake hana sababu ya kurudi kudai kwamba hakujua.

Ridhaa yenyewe naiandika kama hati ya kiapo, tofauti na mkataba, mbele ya Kamishna wa Viapo. Saini pembeni ya mkataba chini ya neno "shahidi" siitaki kabisa, maana shahidi ameona tu wengine wakisaini, hajaridhia kitu. Hati itaje namba ya kiwanja na kitalu, jina la mnunuzi, bei kamili kwa tarakimu na kwa maneno, na sentensi ya namna hii: "Mimi ni mke wa muuzaji, nyumba hii ni nyumba yetu ya ndoa, nimeelezwa kwamba nina haki ya kukataa, na naridhia iuzwe kwa bei hiyo bila kulazimishwa." Ukiandika "naridhia mume wangu auze mali zake", umeandika hewa.

Mama hasomi. Kwa hiyo hati ilisomwa kwa sauti, mpwa wake akaieleza kwa Kimakonde, na mwishoni pakaandikwa kwamba imesomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba. Jina na saini ya mfasiri navyo vikawekwa. Dole gumba bila maelezo hayo ni rahisi sana kulipinga.

Hatua ya 5: Saini za ukoo

Muuzaji akikuletea mjomba wake na muhtasari wa kikao cha ukoo, pokea kwa heshima. Kwa Wamakonde na Wamwera neno la mjomba ni zito. Lakini saini ya mjomba haichukui nafasi ya ridhaa ya mke, hata zikiwa saini kumi. Kazi yake ni nyingine: inakuonyesha kama nyumba ni ya muuzaji kweli au ni ya ukoo. Mjomba akisema "hapa ni pa bibi yetu", rudi kwenye swali la umiliki kabla ya kuzungumza ridhaa.

Mwenye jina kwenye hati akiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mahakama ya mwanzo uteuzi wake huonekana kwenye Fomu Na. 4. Mwaka 1994, katika shauri la Mohamed Hassani na Mayasa Mzee, Mahakama ya Rufani ilisema msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya warithi wote ili auze nyumba. Hata hivyo mimi huomba saini zao, mjane akiwa wa kwanza, kwa sababu kesi unayoshinda nayo inakula miaka.

Hatua ya 6: Lipa, kisha hamisha

Pesa zipite benki. Bakiza sehemu ya bei mpaka uhamisho usajiliwe, na mkataba useme hivyo. Weka pia tamko la muuzaji linalotaja wenzi wake wote kwa majina, na kwamba akigundulika amemficha mmoja atarudisha bei yote pamoja na gharama. Hati ya kiapo ya mwenzi iambatane na fomu za uhamisho, nawe ubaki na nakala yake halisi.

Siku ya makabidhiano mama mkubwa afungue mwenyewe chumba chake na kutoa vyombo vyake. Kwa Chikongola niliomba iandikwe kwenye hati ya makabidhiano kwamba cherehani imetoka na funguo imekabidhiwa na mama, naye akaweka dole gumba tena.