Somo: Kuchagua oili ya boda inayoshinda kwenye jamu ya Kampala, na lini uibadilishe

Somo hili ni la pikipiki za mipigo minne, cc 100 hadi 150, zinazopozwa na upepo, ndizo zilizojaa kwenye steji zetu. Nitachukua kesi moja: boda inayobeba abiria mjini kutwa nzima, simama ondoka, jua likiwaka. Ukishaielewa hiyo, ya barabara kuu haitakusumbua.

Hatua ya kwanza: soma namba mbili za kwenye kopo

Tuseme kopo limeandikwa 20W-50. Namba yenye W inahusu oili ikiwa kwenye baridi kali. Oili ya 20W hupimwa kama injini itazunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mwendesha boda wa Uganda atakayeikuta njiani. Basi usikubali kulipa zaidi kwa sababu tu muuzaji amekuonyesha 5W mahali pa 20W.

Namba ya pili ndiyo yetu. Inaeleza oili inabaki nzito kiasi gani ikifika nyuzi 100. Kwa kipimo cha SAE, oili ya 30 iko kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Hizi ni ngazi zinazofuatana: pale 40 inapoishia ndipo 50 inapoanzia.

Kwa nini jamu inaigusa namba hii? Mapezi ya silinda hayapozi kitu bila upepo. Ukikaa Wandegeya au Jinja Road injini ikinguruma huku umesimama, joto linabaki palepale na oili inazidi kulegea. Ikilegea sana, utando wake kati ya pistoni na silinda unakuwa mwembamba, nawe utasikia valvu zikigonga kuliko asubuhi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Oili yako si ya injini peke yake, inapita pia kwenye gia na klachi. Oili ya namba mbili ni oili nyepesi iliyotiwa minyororo mirefu ya kemikali, ambayo hutanuka ikipata joto ili oili isilegee haraka. Meno ya gia huisaga hiyo minyororo. Kila ukibadilisha gia kuna mingine inakatika, na mjini unabadilisha gia mara nyingi mno. Oili iliyoingia ikiwa 50 inaweza kumaliza kazi ikiwa na uzito wa 40.

Hatua ya pili: linganisha na kitabu cha pikipiki

Kitabu kwanza, maneno ya steji baadaye. Bajaj Boxer 150 imeandikiwa 20W-50, na kwa kazi ya mjini sioni sababu ya kwenda kwingine. Pikipiki nyingine, hasa baadhi ya Honda, zimeandikiwa 10W-30. Hapo tafuta jedwali la joto kwenye kitabu. Likiruhusu 10W-40 au 20W-50 kwa sehemu za joto, chukua 10W-40 kwa mjini. Lisiporuhusu, baki na 30 na ufupishe muda wa kubadilisha. Usiruke kutoka 30 hadi 50 kwa kudhani kwamba nzito ndiyo kinga: oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye kemu asubuhi, huizuia injini, na sahani za klachi hung'ang'aniana hata ukiwa umekamata mkono wa klachi.

Hatua ya tatu: tafuta JASO MA au MA2

Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili. Oili nyingi nyepesi za gari zimetiwa vitu vya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano. Alama ya JASO MA au MA2 inamaanisha oili imepimwa kwa klachi ya aina hii. JASO MB ni ya skuta zisizo na klachi ya ndani ya oili, iache. Nunua kopo lenye mfuniko ambao haujafunguliwa, si oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, kwa sababu ya pipani hujui ni namba ngapi wala ilishatumika wapi.

Hatua ya nne: hesabu masaa, si kilomita peke yake

Hapa ndipo injini nyingi zinapokufa. Kilomita hazihesabu muda uliosimama, lakini oili inapikwa muda wote huo.

Tuchukue boda inayotembea kilomita 90 kwa siku, injini ikiwa imewashwa masaa 6. Wastani wake ni kilomita 15 kwa saa. Sasa chukua pikipiki ya safari ndefu, wastani wa kilomita 50 kwa saa, inayobadilishwa oili kila kilomita 3,000. Oili yake imefanya kazi masaa 60. Ukiipa boda ya mjini masaa hayohayo 60, itakuwa imetembea kilomita 900 tu, yaani siku 10 za kazi.

Kwa hiyo kwa oili ya kawaida kwenye jamu, mimi nasema kila kilomita 900 hadi 1,000. Ukitumia nusu sintetiki yenye MA2 unaweza kusogea hadi 1,500, mradi kipimo cha oili hakishuki. Andika namba ya dashibodi kwa kalamu isiyofutika kwenye mkanda wa gundi, ubandike chini ya siti.

Rangi nyeusi isikutishe. Oili inakuwa nyeusi kwa sababu inasafisha masizi. Dalili ya kuaminika zaidi ni gia: zikianza kuwa ngumu na ukahangaika kupata nyutro kwenye taa, na klachi umeshairekebisha, oili imesagika.

Hatua ya tano: kuibadilisha

Washa injini dakika tatu hadi tano, oili iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Weka stendi kubwa mahali tambarare. Fungua kwanza mfuniko wa kujazia, kisha nati ya chini kwa spana ya pete inayokaa sawasawa. Spana ya kurekebisha inakula kona za nati. Acha itiririke dakika kumi.

Wakati inamwagika, iangalie. Unga laini wa kijivu kwenye nati ni jambo la kawaida. Vipande vinavyokwama kwenye ukucha vinamaanisha kuna chuma kinachosagika, na pikipiki isiende kazini kabla ya injini kufunguliwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Injini hizi hazina maji ya kupozea, kwa hiyo yameingia kutoka nje: umepita kwenye mafuriko ya Bwaise au wameelekeza pampu ya kuoshea kwenye bomba la kupumulia.

Safisha wavu wa chujio kila badiliko la pili, na kama injini yako ina filta ya karatasi, weka mpya. Weka wosha mpya kwenye nati. Ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana; wosha ikishabanwa, ongeza kama robo mzunguko basi. Nyuzi za mle ndani ni za alumini, na ukizichuna itabidi kutoboa na kutia nyuzi upya.

Jaza pungufu ya kiasi cha kitabu kwa mililita 100. Washa dakika mbili, zima, subiri dakika tatu, pima, kisha malizia hadi alama ya juu. Usiipite. Oili iliyozidi hupigwa povu, na povu halilainishi. Oili chafu itie kwenye kopo tupu uipeleke kwa wanaokusanya, isiende kwenye mfereji.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Gulu: Ndugu, huku jua ni kali kuliko Kampala. Nipande zaidi ya 50?*

Hapana, ndugu yangu. Ukiwa na barabara wazi unapata upepo, na huo unasaidia zaidi ya namba. Baki na 20W-50 na uhakikishe mapezi ya silinda hayajazibwa na udongo mwekundu. Tope lililokauka pale linazuia joto kutoka.

*Kutoka Kabale: Asubuhi kuna baridi, 20W-50 haitaumiza injini?*

Haitaumiza. Baridi ya Kabale iko mbali sana na ile ambayo 20W imepimiwa. Washa, subiri kama dakika moja bila kuvuta mafuta, ondoka polepole.

*Kutoka Nansana: Fundi alinitilia oili ya gari. Sasa nikipanda mlima na abiria injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki.*

Hiyo ni klachi inateleza. Imwage leo, tia yenye JASO MA2, tembea siku mbili, kisha uimwage tena, kwa sababu mabaki ya ile ya kwanza hayatoki yote. Angalia pia waya wa klachi: ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza. Ikiendelea kuteleza baada ya hapo, sahani zimeungua na oili haitaziponya.

*Kutoka Entebbe: Mimi natumia pikipiki kwenda kazini Kampala na kurudi tu, sibebi abiria. Na mimi nibadilishe kila 1,000?*

Si lazima, dada. Ukienda kwa wastani wa kilomita 35 kwa saa, masaa 60 ni kilomita 2,100. Badilisha kwenye 2,000, au kila miezi sita kama hujazifikisha.

*Kutoka Jinja: Nikikosa oili ya aina yangu, naweza kuongezea ya kampuni nyingine?*

Unaweza, ikiwa ni JASO MA na namba iko karibu. Kuchanganya 40 na 50 kunakupa kitu cha katikati. Kibaya zaidi ni kutembea na oili pungufu.

*Kutoka Mukono: Fundi, oili yangu inapungua mililita 300 kabla ya kufika kilomita 1,000, na chini hapavuji.*

Inaungua ndani, na katika injini inayobeba kama lita moja, hiyo ni karibu theluthi. Theluthi mbili zilizobaki zinabeba joto la yote, ndiyo maana lazima upime kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kisha tazama moshi wa bluu. Moshi ukitoka unapovuta mafuta ukiwa na mzigo, ringi za pistoni zimekwisha. Ukitoka mara moja unapowasha asubuhi, halafu ukakatika, ni sili za valvu, kazi ndogo zaidi. Kama ulikuwa kwenye 40 na kitabu kinaruhusu 50, panda, upungufu utapoa kidogo wakati unatafuta pesa za ringi. Fundi akifungua, mwambie apime silinda kabla ya kutia ringi mpya, maana kwenye silinda iliyokwisha kulika, ringi mpya hazitakaa na oili itaendelea kupungua vilevile.