Kabla hujawasha mabua shambani, kata njia ya moto kwanza

Mi kwa kweli kama mabua hayana ugonjwa wala wadudu ningeyalaza tu chini yaoze, ila najua kuna msimu huna jinsi lazima uchome, na pia hata usipochoma wewe nyasi kavu za nje zinaweza kukuletea moto usioutarajia, kwa hiyo njia ya moto unaihitaji tu.

Njia ya moto ni ukanda uliokwanguliwa mpaka udongo mtupu uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi, watu wengi wanakosea hapa, wanafyeka halafu nyasi zilizokatwa wanaziacha palepale zikauke, yaani umetandikia moto kitanda. Kwangua kwa jembe, kusanya kwa reki, toa kabisa. Upana mimi nafanya mita 3 kama nyasi za nje ni za kufika magotini, zikifika kifuani naenda mita 5 au zaidi, na kama kuna mteremko upande wa juu naongeza tena maana moto ukipanda kilima unaongeza spidi sana, unazikausha nyasi za mbele kabla haujazifikia. Nyumbani ni hivyohivyo, zungushia ukanda, kuni zilizoegemea ukuta zihamishe, na kama umeezeka nyasi basi usichome chochote siku ambayo upepo unaelekea nyumbani, hata kama umekata njia ya mita 10, cheche zinaruka bana.

Sasa tuchukue kashamba ka mita 50 kwa 50, mabua yamekauka, upepo mdogo unatoka mashariki, nyumba iko kusini. Kabla ya siku yenyewe njia imeshazunguka pande zote nne, marundo makubwa yaliyokuwa pembeni umeyavuta katikati, na matawi yanayoning'inia juu ya njia umeyakata. Majirani umewaambia, kibali kama kinatakiwa unacho. Watu wanne wazima, kila mmoja na tawi bichi lenye majani mengi au jembe, pampu ya mgongoni imejaa maji (ioshe vizuri kwanza kama ilikuwa na dawa ya magugu) na mapipa mawili ya maji yako karibu. Nguo za pamba, viatu vya kufunika mguu, hizi nguo za nailoni zinayeyuka zikakushika kwenye ngozi.

Muda ni jioni jua likishapoa, ila ubakiwe na mwanga wa kutosha kumaliza na kukagua. Saa sita saba mchana usithubutu, ndo muda wa kisulisuli, kinanyanyua majani yanayowaka kinayatupa huko hata hujui yameangukia wapi.

Unawasha wapi? Wengi watasema mashariki upepo usukume moto umalize haraka, na ndo hivyo moto unavuka. Anza magharibi, kule upepo unakoelekea, washa kando ya njia kwa ndani kipande cha mita 5 hivi kama majaribio. Moto utarudi nyuma taratibu kinyume na upepo, ndimi fupi, unaweza kusimama karibu nao. Ukiona ndimi zinakuzidi urefu au moshi unageuka geuka, zima, rudi kesho. Ukiwa mtulivu endelea mpaka upande wote wa magharibi uwake, halafu subiri, usiwe na haraka hapa, mpaka upate ukanda mweusi wa kama mita 10. Huo weusi ndo njia yako halisi sasa, hauna cha kuungua tena. Ndipo unashuka pande za kaskazini na kusini vipande vifupi vifupi, kusini kwenye nyumba simamisha watu wawili, na mashariki unawasha mwisho kabisa, moto ukikimbia unakuta weusi unajifia wenyewe. Muda wote mtu mmoja awe amegeuzia moto mgongo, anaangalia nje ya njia tu.

Ndimi zikiisha bado hujamaliza. Mimi kuna mwaka niliondoka nimeridhika kabisa, kesho yake mchana upepo ukaja, kumbe kisiki kimoja karibu na njia kilikuwa kinaungua chini kwa chini na mzizi wake umepita chini ya njia, nyasi za nje zikashika, tukakimbizana nao mpaka jua kuzama. Tangu hapo visiki, vinyesi vikavu vya ng'ombe na magogo vilivyo ndani ya mita 10 kutoka kwenye njia navifukua, namwaga maji huku nakoroga na udongo mpaka iwe tope, halafu napitisha nyuma ya kiganja juu yake bila kugusa, nikisikia joto naanza upya. Kufukia tu na udongo mkavu ni kujidanganya, kaa linakaa hai humo siku kadhaa. Asubuhi narudi mapema kabla jua halijawa kali, hapo kamoshi kembamba kanaonekana vizuri, halafu saa sita napita tena.