Somo: Nani huwapangia mirkati zamu ya kulinda?

Juzi hapa Nachingwea niliwaonyesha watoto wa klabu yetu video ya mirkati, na binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nani anawapangia zamu?" Nilijibu ovyo, nikaona aibu, nikarudi kujisomea. Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Mirkati hawapo kwetu. Ni jamaa wa nguchiro, uzito wao kama gramu 700, na makazi yao ni nchi kavu za kusini: Namibia, Botswana, Afrika Kusini na pembe ya Angola. Kwa hiyo tafuta video ndefu isiyokatwakatwa, uifuate hivi.

Hatua ya 1. Waondoe wanaoota jua. Asubuhi wakitoka shimoni husimama wote kwa miguu ya nyuma, matumbo yakielekea jua. Tumbo lao lina manyoya machache na ngozi nyeusi, hivyo joto huingia haraka. Wengi hudhani huo ni ulinzi. Sivyo, subiri waanze kutafuta chakula.

Hatua ya 2. Mtazame anayefukua. Chakula chake, nge na funza wa mbawakawa, kimo ndani ya mchanga, naye huchimba mpaka kichwa chote kimezama. Hapo hawezi kumwona tai akija. Ndiyo maana kila mara huchomoa kichwa, akasimama wima huku mkia ukimshikilia kama mguu wa tatu, akaangaza sekunde chache na kurudi. Akiwa kwa miguu minne nyasi humziba. Akisimama hufika kama sentimita 30. Ila kila akiinuka, kazi ya kufukua imesimama.

Hatua ya 3. Tafuta dungu. Aliyewahi kuamia mpunga ataelewa upesi: mlinzi hakai chini, anapanda. Mirkati naye hupanda kichuguu, gogo au kichaka, na hukaa huko muda mrefu bila kula. Ongeza sauti ya video. Utasikia mlinzi akitoa visauti vidogo vya kujirudia, na wenzake wakivisikia hupunguza kuinua vichwa, wakafukua kwa utulivu.

Hatua ya 4. Andika nani kapanda na nani kafuata. Mpe kila mmoja alama: mwenye kovu, mwenye mkia mfupi. Utaona mnyama mmoja hapandi mara mbili mfululizo kwa kawaida, lakini mpangilio hautaupata. Leo A, kisha D, kisha B, kisha D tena. Tim Clutton-Brock na wenzake, waliowachunguza kwa miaka katika Kalahari ya Afrika Kusini, walichapisha jambo hili mwaka 1999: orodha ya zamu haipo.

Basi kinachompandisha ni nini? Shibe. Watafiti hao waliwapa baadhi ya mirkati chakula cha ziada, yai la kuchemsha. Walioshiba walilinda zaidi, na walirudi kwenye ulinzi mapema kuliko kawaida yao. Mwenye njaa hufukua. Aliyeshiba, akiona dungu halina mtu, hupanda. Zamu tunayoiona ni matumbo yanayojaa kwa nyakati tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Si anajitoa mhanga kwa ajili ya ndugu zake?

Marahaba. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mlinzi hukaa mahali salama, karibu na shimo la kukimbilia, na kwa kuwa ndiye anayeona kwanza, ana nafasi nzuri ya kuwahi. Tena mirkati aliye peke yake, asiye na ndugu wa kumlinda, naye hutenga muda wa kulinda. Huyo anamlinda nani kama si nafsi yake? Wenzake wakiwepo, wananufaika pia.

Mwanachama wa Newala: Kwa hiyo ndugu hawana maana kabisa?

Usifike huko. Kundi likiwa na vitoto vilivyotoka shimoni, wakubwa wanaosaidia kulea huongeza ulinzi. Shibe inaeleza nani apande sasa hivi. Haielezi kila kitu.

Mwanachama wa Ruangwa: Nguchiro wadogo wa vichuguuni huku kwetu nao hulinda?

Ndiyo, kitafe hufanya hivyo. Kaa mbali na kichuguu, upepo ukikujia usoni, na umtafute mmoja aliye juu wakati wengine wako majanini. Usiwarushie chakula ili kujaribu lile jambo la yai. Watakuzoea wewe, kisha watawafuata kuku wako.