Dirisha moja na karatasi ya manila: picha za bidhaa kwa simu

Natengeneza sandali za ngozi zenye shanga hapa Arusha, na nyingi nauza kwa WhatsApp na Instagram, kwa watu ambao hawatazishika kabla ya kulipa. Mwanzoni nilizipiga picha palepale kibandani, chini ya turubai la bluu. Mteja wa Dodoma akaagiza jozi ya kahawia, ilipomfikia akasema siyo aliyoiona. Alikuwa na haki. Mwanga ulipopenya kwenye turubai uligeuka bluu, na ngozi ikatoka kwenye picha karibu nyeusi. Nauli ya kurudisha mzigo niliilipa mimi. Siku hizi napigia nyumbani, kando ya dirisha, hivi.

1. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua

Miongozo mingi ya Ulaya inasema tumia dirisha la kaskazini. Kwetu ushauri huo haufai mwaka mzima. Arusha iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta: Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini. Kwa hiyo Aprili hadi Septemba natumia dirisha la kusini, kisha nahamia la kaskazini. Mwenye dirisha moja tu alitumie saa ambazo jua halipo upande huo, au atundike pazia jepesi jeupe. Kipimo ni nondo za dirisha: ukiona mistari ya kivuli chake juu ya meza, mwanga bado ni mkali. Siku za mawingu ya Julai, ambazo wengi huziona mbaya kwa picha, mimi ndizo nazingojea, kwa sababu wingu lenyewe linafanya kazi ya pazia.

2. Zima taa

Taa ya njano na mwanga wa dirisha havikai pamoja. Simu inarekebisha rangi moja tu, kwa hiyo upande mmoja wa bidhaa utabaki na unjano au ubluu, na hata ukihariri hautoki vizuri.

3. Tandika manila

Nunua karatasi kubwa nyeupe ya manila. Sukuma meza hadi karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu. Bandika ncha ya juu ya karatasi ukutani, kisha iache ishuke mezani kwa mviringo bila kuikunja. Ukiikunja, mstari utaonekana nyuma ya bidhaa. Weka sandali mbele, mbali kidogo na mviringo huo. Upande usio na dirisha simamisha kipande kingine cheupe, hata boksi lililofunikwa karatasi, ili kirudishe mwanga kwenye kivuli. Ukikisogeza karibu, kivuli kinalainika.

4. Rudi nyuma

Futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole huleta ukungu. Usiisogeze simu hadi karibu na bidhaa, maana ncha ya sandali itavimba na kisigino kitasinyaa. Rudi nyuma hatua moja, bonyeza 2x kama simu yako inayo, au kata kingo za picha baadaye.

5. Rekebisha weupe

Hapa ndipo wengi wanapokwama: karatasi ni nyeupe, lakini kwenye picha inatoka kijivu. Simu haijui kwamba ni nyeupe. Inaona mwanga mwingi, inadhani umezidi, inaupunguza. Gusa sandali kwenye skrini na ushikilie kidole hadi simu ifunge mwanga. Kwenye iPhone yataandikwa AE/AF LOCK. Kisha buruta alama ya jua kwenda juu taratibu, huku ukiangalia shanga nyeupe. Karatasi ikishakuwa nyeupe na ukingo wa kila shanga bado unaonekana, acha hapo. Shanga zikianza kuyeyuka ndani ya karatasi, umepitiliza, na kuhariri hakutazirudisha. Zikiyeyuka hata kwa mwanga wa wastani, simamisha kadibodi nyeusi pembeni, nje ya picha. Itaakisiwa kwenye shanga na kuzichorea ukingo mweusi mwembamba.

Tumia taima ya sekunde 3, simu ikiwa imeegemezwa, kwa kuwa kidole chenyewe huitikisa.

6. Linganisha kabla ya kutuma

Shika sandali yenyewe kando ya skrini, palepale dirishani. Ngozi ikiwa tofauti, rekebisha kidogo joto la rangi, yaani unjano au ubluu wa picha, hadi zifanane. Usiguse kitufe cha kukoleza rangi, kinadanganya shanga nyekundu kuliko zote. Mimi hupiga tano kwa kila jozi: kutoka juu, ubavuni, soli, mshono kwa karibu, na moja ikiwa mguuni ili mteja aone ukubwa. Unapotuma kwa WhatsApp, chagua HD kwanza, la sivyo ile picha ya mshono itafika imefifia na mteja atauliza swali ambalo picha ilikwisha kulijibu.